Chura wa Kiangazi: Maji ya Bafu, Choo cha Shimo na Nyoka Anayefuata

Maneno ya mazungumzo kuhusu usafi wa choo na bafu, kwa wakaazi wa Kaunti ya Isiolo



Mvua za Machi hadi Mei zinaponyesha, na tena zile za Oktoba hadi Desemba, vyura hutokea kila mahali. Hulia usiku kucha kwenye madimbwi, huruka barabarani, na wengine huingia hadi jikoni. Hilo ni jambo la msimu, na dimbwi likikauka nao hutoweka. Wengi wao hujichimbia ardhini na kungoja mvua nyingine.

Mazungumzo haya yanamhusu chura mwingine. Ni yule anayekutwa bafuni au chooni mwezi wa Agosti au Februari, wakati vumbi limetawala mji mzima na nyasi zimekuwa rangi ya mchanga. Huyo hakuletwa na mvua. Ameletwa na maji ya nyumba yenyewe: bomba linalodondoka, pipa linalovuja, au maji ya kuoga yasiyokuwa na mahali pa kwenda. Chura wa kiangazi ni habari ya kwamba pana unyevu usiokauka, na wakati mwingine yeye huigundua bomba mbovu kabla ya mwenye nyumba. Tena yeye mwenyewe ni chakula cha mwingine.

Aliyewahi kumulika tochi chooni akaona nyoka amejikunja nyuma ya mlango hahitaji kuelezwa zaidi. Tatizo ni kinachofuata. Watoto hukataa kwenda chooni jioni, akina mama hujizuia mpaka kupambazuke, na wengine hurudi kichakani kujisaidia gizani, ambako nyoka ni wengi kuliko chooni na hakuna hata sakafu ya kumulika. Choo kilichojengwa kwa gharama kinabaki kimesimama bila mtu.

Ili kuelewa kwa nini chura hupenda bafu, ni vizuri kujua anavyokunywa. Chura hanywi kwa mdomo kama mbuzi. Hunyonya maji kwa ngozi, hasa ile ya tumboni na ya ndani ya mapaja. Huketi mahali penye unyevu, hulaza tumbo, na maji huingia mwilini polepole. Kwa hiyo hahitaji dimbwi. Sakafu ya saruji iliyobaki na majimaji usiku mzima inamtosha, na udongo mbichi chini ya pipa unamtosha hata zaidi, kwa sababu pale pana kivuli mchana na hapaguswi na mtu. Hii ndiyo sababu mtu anaweza kufagia maji yote yanayoonekana na bado akakuta chura asubuhi. Kilichobaki ni unyevu, na chura haombi zaidi ya hapo.

Baada ya maji hutafuta chakula, nacho ni wadudu. Choo cha shimo kisichofunikwa huzalisha nzi, na kama shimo lina maji ndani yake huzalisha pia mbu, hasa wale wanaopenda maji machafu na kusumbua watu usiku. Wapo wenye ploti wanaoelekeza maji ya kuoga ndani ya shimo la choo ili kuepuka kuchimba shimo jingine. Shimo hujaa mapema, na juu ya uchafu hutanda maji yanayolea mbu kwa maelfu. Huko Makunduchi, kisiwani Unguja, tatizo la mbu wa vyoo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walimwaga chembe nyepesi za plastiki zinazoelea ndani ya mashimo yenye maji, zikafunika uso wa maji na kuwazuia mbu kuzaliana. Isiolo, mahali pakavu, hakuna haja ya kufika huko. Inatosha maji ya bafu yasiingie shimoni.

Kisha yuko nyoka. Mchana hujificha kwenye tundu la panya, kichuguu, rundo la mawe au kuni, na usiku hutoka kuwinda. Hufuata harufu kwa ulimi, akionja hewa na ardhi, na njia iliyopitiwa na chura au panya kwake ni kama alama za magurudumu kwenye mchanga. Katika nchi kame ya kaskazini mwa Kenya yuko swila mwekundu, nyoka wa rangi ya chungwa au ya matofali mwenye mkanda mweusi shingoni, ambaye hula vyura kila anapowapata. Huyu hutema sumu, naye hulenga uso kutoka umbali wa mita 2 au zaidi. Yuko pia swila mkubwa wa rangi ya kahawia, ambaye mwaka 2007 wataalamu walimtenga kuwa aina ya peke yake na kumpa jina la James Ashe, mwanzilishi wa shamba la nyoka la Bio-Ken kule Watamu. Moma, yule mnene anayelala njiani bila kusogea, hutafuta panya zaidi, lakini chura hamkatai. Wapo vilevile nyoka wadogo wasio na madhara ambao chakula chao ni vyura. Usiku, kwa mwanga wa tochi ya simu, si rahisi kuwatofautisha, na hakuna anayetakiwa kujaribu.

Dawa ya kudumu, basi, haianzi kwa nyoka. Inaanza kwenye maji. Mfano ufuatao ni wa ploti ya kawaida, ya aina inayopatikana Bulla Pesa, Kulamawe na mitaa mingine ya mjini: vyumba sita, watu kumi na wawili, choo kimoja cha shimo, na bafu la mabati lililoegemezwa ubavuni mwake. Bomba la maji liko karibu na bafu kwa sababu ndipo maji yanapotumika, na kando yake yako mapipa mawili ya kuhifadhia maji ya mgao. Wapangaji wanaona chura watatu au wanne kila usiku katikati ya kiangazi, na juzi mmoja wao ameona nyoka.

Kazi ya kwanza ni kujua nani anapita na anapitia wapi. Jioni, kabla ya giza, majivu yaliyochekechwa hunyunyizwa kwa upana wa kiganja kuzunguka kuta za choo na bafu, mbele ya milango, na kuzunguka mapipa. Asubuhi majivu husomwa kabla ya watu kuyakanyaga. Chura huacha madoa madogo yaliyopangana mawilimawili, yenye nafasi kati ya mruko na mruko. Panya huacha nyayo ndogo nyingi na mara nyingine mstari mwembamba wa mkia katikati. Nyoka huacha mfuo mmoja mpana, wa kupinda au wa kunyooka, usio na nyayo. Kinyesi nacho husema: cha panya ni punje nyingi ndogo, ilhali cha chura mkubwa ni kipande kimoja cheusi kinene, na kikivunjwa kwa kijiti huonekana maganda ya wadudu yanayong'aa. Zoezi hilo likirudiwa siku tatu, njia zinajulikana. Katika mfano huu nyayo nyingi zinatoka chini ya mapipa na kwenye tundu la maji la bafu. Nyoka amepita mara moja, kutoka kwenye rundo la mawe ya ujenzi nyuma ya choo.

Bomba hufuata. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza maji ya karibu mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku. Katika mji ambao mtu hununua maji kwa mtungi, hiyo peke yake ni sababu ya kumwita fundi abadilishe mpira wa ndani. Kwa upande wa chura, mtungi mmoja kila siku mahali pamoja ni udongo usiokauka mwaka mzima. Mapipa nayo huwekwa juu ya matofali mawili au matatu, na nafasi iliyo chini yake ndiyo nyumba ya chura: giza, ubaridi na matone kutoka juu. Ama pipa liinuliwe kwa mawe hadi upepo na jua vipite chini na ufagio ufike, ama likae juu ya jukwaa la saruji lisilo na upenyo wowote. Kuliweka katikati ya hali hizo mbili ndiko kunakoharibu. Lifunikwe pia, kwa maana pipa wazi ni zizi la mbu.

Kisha sakafu ya bafu. Sakafu nzuri huteremka sentimita 2 kwa kila mita moja kuelekea tundu la maji. Kuipima hakuhitaji chombo: kikombe cha maji humwagwa kwenye kona iliyo mbali zaidi na tundu. Maji yakikimbia hadi tundu, sakafu iko sawa. Yakisimama njiani, hapo pana bonde, na bonde hilo huzibwa kwa saruji na mchanga, sehemu moja kwa tatu, likalainishwa kwa mwiko. Bafu nyingi za zamani hazina saruji, bali mawe bapa yaliyolazwa juu ya udongo. Hizo haziwezi kukauka, kwa kuwa maji hukaa chini ya mawe, na chini ya mawe hayo ndipo vyura wanapolala. Sakafu hiyo ikichomolewa, mawe yainuliwe kwa chepe au fimbo ndefu, na yeyote asiingize mkono chini yake.

Saa ya kuoga nayo ina maana, ingawa hakuna anayeizungumzia. Anayeoga saa kumi alasiri huacha sakafu ikauke kabla ya usiku. Watu kumi na wawili wakioga kati ya saa moja na saa tatu usiku, sakafu inabaki mbichi hadi alfajiri. Haiwezekani kuwapangia watu saa ya kuoga, lakini inawezekana anayeoga mwisho asukume maji kwa ufagio mgumu na kuacha mlango wazi kidogo upepo upite hadi sakafu ikauke, kisha ufungwe kabla ya watu kulala. Mahali pa kutawadha panahitaji uangalizi uleule. Maji ya birika ni machache, lakini humwagika mara kadhaa kwa siku mahali palepale.

Sasa maji yanayotoka nje ya tundu. Hapa ndipo ploti nyingi hushindwa. Watu kumi na wawili wakitumia lita 10 kila mmoja kuoga, hiyo ni lita 120 kila siku, na zote zinatoka kwa tundu moja na kutuama nyuma ya ukuta. Dawa yake ni shimo la kufyonzea maji. Kabla ya kulichimba, udongo hujaribiwa. Kishimo cha sentimita 30 kwenda chini huchimbwa, hujazwa maji jioni na kuachwa usiku kucha udongo ushibe. Kesho yake hujazwa tena, na kijiti hupima maji yameshuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka chini ya sentimita 2.5, udongo huo haunyonyi vya kutosha na kuchimba shimo kubwa ni kupoteza nguvu.

Udongo wa tifutifu wa kawaida hupokea karibu lita 25 kwa siku kwa kila mita mraba ya ukuta wa shimo. Kwa lita 120, zinahitajika karibu mita mraba 5 za ukuta. Shimo la mita 1 kwa mita 1, lenye mita 1.2 chini ya mdomo wa paipu, lina kuta nne zenye jumla ya mita mraba 4.8. Kwa hiyo fundi huchimba mita 1.5 kwenda chini. Sehemu ya chini hujazwa mawe ya ukubwa wa ngumi hadi usawa wa paipu. Juu ya mawe hutandikwa karatasi nene ya plastiki, na sentimita 30 za mwisho hujazwa udongo na kushindiliwa. Safu hiyo ya udongo haifai kuachwa. Shimo la mawe lililo wazi juu ni giza, ubaridi, unyevu na upenyo mia moja. Mwenye nyumba atakuwa ametumia pesa kujengea nyoka. Shimo hilo likae angalau mita 30 kutoka kisima chochote, na mbali na msingi wa nyumba.

Kabla ya paipu kuingia shimoni huwekwa ndoo kuukuu iliyotobolewa tobo chini na kutiwa kokoto, ili kunasa nywele, sabuni na mafuta. Kokoto hizo huoshwa kila wiki. Zikisahauliwa, mawe ya shimo huziba polepole, na dalili ya kwanza ni maji kurudi kwenye tundu la bafu. Hata shimo linalotunzwa huziba baada ya miaka kadhaa, na hapo hufunuliwa, mawe yakaoshwa na kurudishwa.

Penye udongo mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa mvua, jaribio la kijiti karibu kila mara hushindwa. Hapo maji huongozwa kwa mfereji mfupi hadi kitanda cha miti, mipapai kwa mfano, mita 10 au zaidi kutoka mlango wa choo, na mfereji hugawanywa ili leo maji yaende upande huu na kesho upande ule, kila upande upate siku ya kukauka. Migomba hunywa maji mengi zaidi, lakini kichaka chake kikiachwa na majani makavu chini kinakuwa maficho bora ya chura na nyoka kuliko bafu lenyewe. Mwenye kuipanda na awe tayari kuipogoa na kufagia chini yake.

Maji yakishapata njia yake, ndipo matundu huzibwa. Kuziba kwanza na kuacha maji ni kujichosha, kwa sababu viumbe vyenye kiu hutafuta upenyo mpya. Nyoka mchanga hupita penye upana wa kidole kidogo au hata chini ya hapo, kwa hiyo ufa wowote unaopita milimita 6 huzibwa kwa saruji. Chini ya mlango hupigiliwa ukanda wa mpira wa tairi kuukuu unaogusa sakafu. Tundu la maji hufungwa kwa waya wenye matundu madogo. Waya wa kuku haufai, maana matundu yake ni makubwa mno. Kizingiti laini cha sentimita 20 humzuia chura mnene wa ardhini, lakini hakimzuii nyoka wala chura anayepanda kuta.

Tundu la choo lenyewe linahitaji kifuniko kinachokaa vizuri, chenye mpini mrefu ili kiinuliwe bila kuinama. Vipo pia vyungu vya plastiki vyenye kigae kinachojifunga chenyewe baada ya maji kumwagwa, ambavyo vinatengenezwa hata hapa Kenya. Hivyo huzuia nzi, harufu na vyura kwa pamoja, ila vinahitaji maji kidogo kila mara. Paipu ya hewa ya choo iwe na wavu juu, wenye matundu ya karibu milimita 1.2 hadi 1.5. Nzi walio shimoni hufuata mwanga wa paipu na kunaswa hapo. Wavu wa chuma cha kawaida huliwa na gesi za choo. Ule wa aluminiamu au wa nyuzi zilizopakwa plastiki hudumu. Katika vyoo vingi wavu huo ulishaanguka na hakuna aliyepanda kutazama.

Taa ni suala gumu kidogo. Balbu iliyo juu ya mlango wa choo huita wadudu, wadudu huita vyura, na vyura hukaa duara chini yake kama wageni wa harusi. Lakini choo bila taa ni hatari zaidi kwa anayekwenda usiku. Suluhisho ni kuiweka balbu mita 4 au 5 kutoka mlangoni, ikielekezwa kumulika njia, na iwe ya mwanga wa njano, ambao huvutia wadudu wachache kuliko ule mweupe. Yenye swichi ni bora kuliko inayowaka usiku kucha.

Katika vijiji vya Merti, Sericho au Oldonyiro visivyo na bomba wala bafu la saruji, mambo ni machache zaidi lakini si yale yale. Choo hujengwa kwa magogo yaliyofunikwa udongo, na udongo huo hupasuka au huliwa na mchwa hadi kuwe na nafasi kati ya gogo na gogo. Nafasi hizo hukandikwa upya kila baada ya mvua. Uzio wa miiba usiegemezwe ukutani mwa choo, na kuzunguka choo pafagiliwe hadi mita moja na nusu ya ardhi tupu, ili anayepita aonekane. Kuni, mawe na mabati ya akiba yakae mbali, mjini na kijijini vilevile.

Yapo mengine yanayosemwa kuwa dawa: mafuta ya taa, oili chafu, chumvi, kiberiti cha unga, vidonge vya nondo, vitunguu saumu. Kiberiti na vidonge vya nondo vilipojaribiwa, nyoka walivivuka. Chumvi humchoma chura ngozi, naye hurudi sakafu ikishaoshwa, huku udongo ukiharibika. Oili na mafuta ya taa shimoni huua vijidudu vinavyomeng'enya uchafu, huweza kufika kwenye maji ya visima, na mvuke wake huweza kuwaka kwa njiti moja ya kiberiti. Kuua vyura wote nako hakuna faida: wanaobaki huja kwenye unyevu uleule, na nje ya choo chura ni mla mbu na mchwa. Anayemtoa amsukume ndani ya ndoo kwa ufagio, kisha anawe mikono. Chura mkubwa wa ngozi ya vipele ana tezi za sumu nyuma ya macho, na mbwa au mtoto akimtia mdomoni huumwa. Hasababishi chunjua, hilo ni hadithi tu.

Mpaka kazi hizo zikamilike, kwenda chooni usiku kuna utaratibu. Viatu vilivyofunika vidole, tochi mkononi, mlango usukumwe kwa fimbo, pamulikwe kwanza nyuma ya mlango na kwenye kona, kisha kifuniko, kabla ya mguu kuingia. Mtoto mdogo apewe ndoo ndani ya nyumba, imwagwe chooni asubuhi. Nyoka akionekana, watu warudi nyuma zaidi ya mita 3, mlango uachwe wazi apate pa kutokea, na mtu mmoja amtazame kutoka mbali ajue anakokwenda. Akijificha ndani, ofisi ya Shirika la Wanyamapori la Kenya ijulishwe. Wapo wanaoumwa kwa sababu walijaribu kumuua au kumkamata.

Sumu ikiingia machoni, macho yasisuguliwe. Yaoshwe mara moja kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 hadi 20, kisha mtu apelekwe hospitali. Aliyeumwa atulizwe, avuliwe pete, bangili na viatu, mguu au mkono usichezeshwe, na apelekwe hospitali upesi kwa gari au pikipiki akiwa ameshikwa. Hakuna kukata, kunyonya, kufunga kamba ya kukaza wala kuweka jiwe jeusi. Anayepeleka mgonjwa kutoka mbali apige simu kituoni kabla ya kuondoka aulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, ili asipoteze saa nzima kwenda mahali atakapoelekezwa kwingine. Nyoka asibebwe kupelekwa kwa daktari. Picha ya simu, ikiwa ilipigwa kwa usalama, inatosha.

Linabaki swali la nani agharamie. Mpangaji anaweza kufagia, kunyunyiza majivu na kufunika pipa, lakini shimo la kufyonzea maji na sakafu ni kazi ya mwenye ploti. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu maji machafu yaliyotuama na choo kilicho katika hali ya kudhuru afya kuwa kero, na inampa afisa wa afya uwezo wa kumwandikia mwenye mali notisi ya kuiondoa. Wapangaji wanaoshindwa kuelewana na mwenye ploti wanaweza kumwendea afisa wa afya ya umma wa wadi yao. Wakienda wataje tundu la maji liko wapi, maji yametuama tangu lini, na usiku gani nyayo zilionekana kwenye majivu.

Katika ile ploti ya mfano, majivu hunyunyizwa tena wiki tatu baada ya kazi kwisha. Nyayo zikiwa zimebaki mahali pamoja tu, kwa mfano kando ya pipa la pili, basi pipa hilo linavuja na litazamwe kitako. Zikiwa bado ziko kwenye tundu la bafu, ndoo ya kokoto ifunguliwe. Na mvua za Oktoba zikifika na vyura wakajaa uani pote, majivu yasinyunyizwe hata kidogo, kwani hayataonyesha kitu. Jaribio hilo husubiri kiangazi.